Bega la Gauni la Kijani

Tuanze na kosa, tena kosa la Fundi mwenyewe, na hata leo ukimuuliza halikatai. Mteja aliandika kwenye ukurasa wa duka, chini ya picha ya gauni la kijani: "Samahani, hili ni la wajawazito?" Fundi alikuwa na mguu mmoja kwenye cherehani na jicho moja kwenye simu. Hakuikuza picha. Akajibu, "Hapana dada, ni la mtu yeyote," akabandika na ua jekundu, akaendelea na zipu yake. Mtu ambaye ameshona nguo umri wote huo, ameulizwa swali la nguo, kajibu bila kuitazama nguo. Ni kama mpishi aulizwe chumvi ajibu bila kuonja.

Zipu ilipokwisha, simu ikalia tena. Mteja wa pili alikuwa ameingilia kati, mmoja wa wale wateja wasionunua lakini wana macho: "Kama ni la mtu yeyote, mbona pindo la mbele limepanda?"

Hapo ndipo Fundi alipovaa miwani.

Picha ilikuwa nzuri, hakuna ubishi. Gauni lilisimama peke yake kwenye weupe, limejaa kifua, limejaa nyonga, na ndani yake hamna mtu. Shingo ilikuwa wazi, ukitazama humo unaona upande wa ndani wa mgongo na lebo ndogo ya duka lao. Mikono ilining'inia mitupu. Hamna henga, hamna doli la plastiki, hamna kichwa wala vidole. Ndivyo wateja wa mtandaoni wanavyopenda siku hizi: waone nguo inavyokaa mwilini bila mwili wa mtu mwingine kuwaharibia ndoto.

Lakini pindo la mbele lilikuwa limepanda. Si sana, upana wa vidole viwili. Na Fundi alijua alivyolikata lile gauni: pindo sawa mbele na nyuma, kama ukingo wa meza. Pindo la namna hiyo halipandi mbele kwa hiari yake. Hupandishwa na kitu kimoja tu.

Akapandisha macho taratibu. Mshono wa kiuno nao ulikuwa umeinuka katikati. Akakuza zaidi. Bega la kushoto la mvaaji, lile ambalo kwa mtazamaji liko kulia, lilikuwa chini kuliko mwenzake.

"Mvaaji," Fundi alijisemea, kisha akalirudia neno hilo kimoyomoyo. Mvaaji gani?

*

Picha zote za duka zilitengenezwa na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwanga kwa sababu zamani, alipokuwa akipiga picha za harusi, hakuna bi harusi aliyepona kuambiwa "sogea kwenye mwanga." Harusi zilipopungua, akahamia chumba cha nyuma cha duka la mkewe. Humo alikuwa na shuka jeupe ukutani, taa mbili zilizozibwa kwa kitambaa chepesi ili zisichome macho, na kompyuta yenye programu ya picha, ile unayoiandikia maneno ukaipa na picha ya kuanzia, nayo ikakutolea picha mpya.

Mwanzoni alikuwa akilitandaza gauni mezani, analipiga picha kutoka juu, kisha anaiandikia programu ilijaze. Ilijaza kweli. Tatizo, ilijaza kama inavyopenda yenyewe. Gauni pana la mama mtu mzima lilitoka na kiuno cha nyigu. Siku moja, kwa kuwa hakuipa picha ya ndani ya shingo, ikajitungia lebo yake, ina maandishi yasiyosomeka kwa lugha yoyote duniani, na mteja akaandika kuuliza nguo zinatoka nchi gani. Magauni mawili yalirudishwa. Fundi siku hiyo alikwenda chumba cha nyuma mikono kiunoni.

"Sikiliza, bwana. Mimi sikushona hicho kiuno. Usiniongezee kiuno ambacho sikukishona. Mteja akiona mwembamba akapokea mpana, tapeli ni mimi, si mashine yako."

"Nimekusikia, mama."

"Nataka nguo ikae kama inavyokaa."

"Itakaa."

Na tangu hapo ikakaa. Kiuno cha nyigu kikatoweka, mikunjo ikawa ya kweli, kitambaa kikaanguka kama kitambaa. Wateja wakasifu. Fundi naye akasifu, akadhani mumewe amejifunza maneno mapya ya kuiambia mashine, na hakuuliza ni maneno gani. Hilo nalo unaweza kulihesabu kuwa kosa la pili.

Sasa alikaa na simu, akarudi nyuma kwenye picha moja moja. Gauni la buluu: bega la kushoto chini. Pindo limepanda, lakini kidogo, upana wa kidole. Gauni la manjano, la mwanzo kabisa baada ya ule ugomvi wa kiuno: bega la kushoto chini. Pindo sawa.

Manjano, sawa. Buluu, kidole. Kijani, vidole viwili.

Akaiweka simu mezani, kifudifudi, kama mtu anayefunika chungu kinachochemka.

*

Msusi alikuwa na saluni ukuta kwa ukuta na duka lao. Yeye na Fundi walikuwa mashoga tangu siku walipogombania pipa la taka. Alipoonyeshwa zile picha tatu, aliachia kichwa cha mteja kilichokuwa nusu kimesukwa, akafuta mikono kwenye aproni.

"Hizi si zile nguo zenu za jini?"

"Ndizo."

"Shoga, tangu lini jini akapata mimba?"

Mteja aliyekuwa kwenye kiti akageuza kichwa. Msusi akakirudisha kwa vidole viwili. "Wewe tazama mbele, kichwa chako kina njia zake." Kisha akashusha sauti. "Mwanga anasemaje?"

"Sijamuuliza."

"Usimuulize. Mwanaume ukimuuliza unampa muda wa kutunga. Kwanza fanya uchunguzi. Gauni lenyewe liko wapi?"

"Kwenye kamba, dukani."

"Linuse."

"Nilinuse kama mbwa?"

"Linuse kama mke."

Fundi alijifanya kuona upuuzi. Lakini aliporudi dukani, na mumewe akiwa uani anatengeneza bomba, alilichukua gauni la kijani akaingiza pua kwenye kwapa. Nguo mpya hunuka rangi na wanga. Hii ilinuka mtu. Akavuta tena. Mafuta ya mgando, yale ya kopo la bluu, yenye harufu ya waridi. Akajua bila kwenda kuhakikisha, ila alikwenda: kopo la aina hiyo hiyo lilikuwa juu ya kabati la chumbani kwake, limepungua.

Kwa hiyo si tu kwamba mtu anavaa magauni yake. Anajipaka na mafuta yake.

Aliketi kitandani na kopo mapajani. Alikuwa mtu wa kucheka, Fundi, watu walikuja kupima suruali wakaondoka wameshika mbavu. Lakini kicheko kilimgomea. Alianza kuhesabu vitu ambavyo jana vilikuwa havina maana. Kila Jumatano anapokwenda upande wa pili wa mji kununua vitambaa, Mwanga humsindikiza hadi mlangoni na kumuuliza, "Utarudi saa ngapi, mama?" Alidhani ni mapenzi. Kila Jumatano jioni sakafu ya chumba cha nyuma imefagiliwa. Mwanga ambaye huruka fagio kama nyoka. Na mara moja, wiki iliyopita au iliyotangulia, alikuta vikombe viwili vya chai vimeoshwa na kupinduliwa. Mtu anayekunywa peke yake anachafua kikombe kimoja.

Nyumba yenyewe ilikuwa kimya siku hizi, na ukimya hulea mambo. Binti yao wa pekee, aliyeitwa Sindano tangu utotoni kwa wembamba wake, alikuwa ameondoka. Waligombana yeye na mamake kwa sababu ya kijana mmoja dereva wa lori, ambaye Fundi hakumpenda hata namna alivyobisha hodi. Maneno yakazidi maneno. Fundi akamalizia kwa kusema, "Ukitoka mlango huo, usirudi mpaka nikuite." Msichana akatoka. Fundi hakuita. Alisubiri Sindano arudi bila kuitwa, ili naye apate nafasi ya kununa kidogo kisha amkaribishe. Sindano, ambaye kiburi alikirithi mahali fulani, hakurudi.

Mwanga hakuwahi kumlaumu. Tena alikuwa mchangamfu mno kwa baba aliyekimbiwa na mtoto. Hata hilo sasa Fundi alilitazama kwa jicho jingine: huyu anachekea nini?

*

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Fundi alibeba gauni jipya la zambarau, ambalo uzi wake wa mwisho ulikuwa bado haujakatwa, akaingia nalo chumba cha nyuma.

"Nitengenezee picha ya hili."

"Liache hapo, Jumatano nitalifanya."

"Kwa nini Jumatano?"

Mwanga alikohoa. "Jumatano kuna utulivu."

"Na leo kuna utulivu. Mimi nitakaa hapa, sitasema kitu. Nataka kujifunza kazi ya mume wangu. Ni dhambi?"

"Si dhambi."

"Basi."

Akavuta kigoda akakaa katikati ya mlango. Mwanga alimtazama, akatazama mlango, akaona hauna nafasi ya kupita. Akatandaza shuka jeupe mezani, akalilaza gauni, akapanda kwenye kiti, akapiga kutoka juu. Kisha akaifungua shingo, akapiga na upande wa ndani wa mgongo, pale lebo iliposhonwa.

"Hiyo ya nini?" Fundi akauliza, ingawa aliahidi kunyamaza.

"Gauni likisimama bila mtu, shingoni unaona ndani. Mashine haijui ndani kukoje. Usipoionyesha, inabuni. Unakumbuka ile lebo."

"Naikumbuka."

Akaziingiza picha zote mbili kwenye kompyuta, akaandika: *Gauni hili bila mwanamitindo, bila henga.* Akabonyeza. Wakasubiri. Picha ikaja, na juu ya shingo ya gauni limechomoza ndoano ya henga, inang'aa.

"Umeiambia bila henga," Fundi akasema.

"Ndiyo tatizo lake. Ukilitaja henga, kumbe umelikumbusha. Ni kama kumwambia mtoto asiguse sukari. Afadhali uiambie kilichopo, si kisichokuwepo." Alianza kusahau kuogopa, kama kawaida yake akielezea kazi. Akafuta, akaandika upya, akisoma kwa sauti: "*Gauni limejaa na kusimama kana kwamba limevaliwa na mwili usioonekana. Shingo ni tundu wazi, ndani yake unaonekana upande wa ndani wa mgongo na lebo, kama kwenye picha ya pili. Mikono imejaa, mitupu, midomo yake wazi, imeachana kidogo na ubavu. Linatazamwa kutoka mbele, katikati. Nyuma ni weupe mtupu, mwanga laini pande zote. Mishono, vifungo, rangi na urefu vibaki kama kwenye picha ya kwanza.*"

Akabonyeza. Mara hii gauni la zambarau likaja zima, limesimama hewani kama linamsubiri mtu. Ndoano hamna. Shingoni lebo yao, imesomeka.

"Umeona?" Mwanga akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyevuka mto. "Hamna mtu. Ni maneno tu."

Fundi alisogeza kigoda hadi kwenye kioo cha kompyuta. Alitoa futi shingoni, ile ya kupimia wateja, akailaza juu ya skrini, kutoka bega hadi bega.

"Mabega yako sawasawa," akasema.

"Ndiyo."

"Kama mizani."

"Mashine hupenda hivyo."

"Pindo nalo limenyooka. Na kiuno kimeanza kurudi, tazama hapa, hiki sikukishona." Alishusha futi. "Sasa nifungulie la kijani."

Mwanga hakusogeza mkono.

"Fungua, baba."

Akafungua. Fundi akalaza futi pale pale, bega hadi bega, na futi ikakaa mshazari kama daraja bovu.

"Mashine inapenda mabega sawa. Umesema mwenyewe sasa hivi, mdomo wako bado uko wazi. Hili bega nani kaliangusha?"

"Labda ni... mashine nayo hukosea."

"Ikosee bega lile lile kwenye manjano, kwenye buluu na kwenye kijani? Na pindo? Mashine inajua kuongeza tumbo kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, kama mtu aliyekwenda kliniki?"

Chumba kilikuwa kidogo, na taa zilikuwa zimekitia joto. Mwanga alitoa kitambaa akafuta kichwa, kisha akakikunja vizuri mno, pembe kwa pembe.

"Picha ya kuanzia haikuwa ya mezani," Fundi akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ile ambayo mumewe aliihofia kuliko ya juu. "Ilikuwa ya mtu. Ulimvalisha mtu gauni langu, ukampiga picha, halafu ukaiambia mashine imfute. Kichwa, mikono, miguu, vyote. Ikabakisha nguo kama ilivyokaa. Umbo likabaki. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Umeniambia hakuna mtu kwenye picha."

"Kwenye picha hakuna."

"Usinichezee, Mwanga. Nimekuzalia, nimekupikia, nimekushonea hata hiyo suruali. Ni nani?"

"Nimeahidi kutosema."

"Umemuahidi yeye. Na mimi uliniahidi nini?"

Fundi akacheka kidogo, kicheko kikavu, akasema kwa upande, kana kwamba Msusi yuko chumbani: "Eti kaahidi. Mwanamke kaingia nyumbani kwangu, kavaa nguo zangu, kapaka mafuta yangu, kanywea kikombe changu, na mwaminifu wetu hapa kaweka siri." Akaligeukia tena gauni kwenye skrini. Alitaka kumjua kabla ya kuambiwa. Hiyo ilikuwa kazi yake: ungemletea sketi kuukuu angekuambia mwenye nayo hubeba mtoto upande gani. Alitaka kumwona huyu mwanamke, aone ana nini.

Alianza kifuani. Kidogo. Mikono membamba, kitambaa kimelegea pale kwenye msuli. Nyonga nyembamba pia, mtu mwembamba kabisa, kama si hilo tumbo. Kisha bega. Haliinami kama la mtu anayebeba mkoba mzito, ambalo huteremka taratibu kutoka shingoni. Hili lilikwenda vizuri, vizuri, halafu likakatika ghafla karibu na mwisho, kama njia iliyobebwa na mvua.

Mkono wake ukasimama juu ya skrini.

Kulikuwa na mtoto, zamani, aliyepanda juu ya meza ya kukatia nguo mamake alipogeuka kuchukua mkasi, akaanguka kwa upande wa kushoto. Mfupa wa mtulinga ukavunjika, ukaungwa, ukaunga vibaya. Watoto wa shule wakamcheka. Na mamake, ambaye hakuweza kuurudisha mfupa, alifanya alichokiweza: alishona kimto kidogo cha kitambaa, tabaka juu ya tabaka, akakificha chini ya bega la kushoto la sare. Kisha la gauni la sikukuu. Kisha la kila nguo ambayo mtoto huyo aliivaa hadi akawa mwanamke. Alikifanya vizuri kiasi kwamba mabega yalionekana sawa, na baada ya miaka mingi hata yeye mwenyewe alikuwa ameyazoea yakiwa sawa. Lile bega lenyewe, tupu, alikuwa hajaliona ndani ya nguo tangu mtoto akiwa na meno ya utoto.

Magauni ya dukani hayakuwa na kimto. Yalishonwa kwa ajili ya mtu yeyote.

"Mwanga," akasema.

"Naam."

"Mafuta yale ya waridi. Mimi nilimzoesha."

Mumewe aliketi pembeni ya meza, pole pole, kama mtu aliyetua gunia.

"Alikuja kuchukua vyeti vyake," akasema. "Jumatano, ulipokuwa vitambaani. Akanikuta nahangaika na lile la manjano, mashine inanipa kiuno tu, kiuno tu. Akacheka. Akasema, 'Baba, si nilivae mimi, halafu unifute.' Akalivaa. Likakaa kama ulivyotaka. Jumatano iliyofuata akaja tena, mwenyewe."

"Na ukamfuta."

"Kila Jumatano. Naandika: ondoa mtu mzima, kichwa, shingo, mikono na miguu, liache gauni na mikunjo yake yote kama lilivyo. Halafu naipa ile picha ya ndani ya shingo, iweke pale alipokuwa yeye." Alitazama mikono yake. "Mara ya kwanza nilicheka. Sasa nikibonyeza, natazama pembeni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alisema akija kwa siri ni Jumatano tu, lakini ukijua, na usimwite, hatakuja kabisa. Nikaona heri nipate Jumatano."

Ukutani upande wa pili Msusi alizima mashine ya kukaushia nywele, na kwa jinsi alivyoizima, ilikuwa wazi kwamba nywele hazijakauka.

"Nionyeshe kabla hujamfuta," Fundi akasema.

Mwanga alifungua faili jingine. Na hapo palikuwa na gauni lile lile la kijani, mkunjo kwa mkunjo, ila sasa juu yake pana uso. Sindano alikuwa ametazama kando, kuelekea mlangoni, kama mtu anayesikiliza hatua. Alikuwa amenenepa mashavu. Mkono mmoja umeachana na ubavu, kama babake alivyomwelekeza, na mwingine, alioambiwa bila shaka auache chini, umejipandia wenyewe tumboni.

Fundi aliitazama picha ile. Kisha akairudisha ile iliyofutwa, kisha akarudi kwa yenye uso. Mbele na nyuma. Alikuwa ameipenda sana hiyo iliyofutwa. Aliiwekea mpaka ua jekundu.

"Hapa kwapani linambana," akasema mwishowe, akigusa skrini. "Umemwacha anasimama limembana hivi?"

"Alisema halibani."

"Atasemaje." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya futi, akaivaa tena. "Na yule dereva?"

"Yupo. Humleta na lori hadi kona, anamsubiri humo humo. Anaogopa kubisha hodi."

"Ana haki ya kuogopa. Anabisha vibaya."

Alitaka hilo liwe mzaha, na Mwanga akajitahidi kucheka, lakini wote wawili walilisikia lilivyodondoka.

*

Fundi alirudi mbele dukani. Kwanza alichukua simu akaenda kwenye swali la mteja, akalifuta jibu lake la zamani pamoja na ua, akaandika: "Nilikosea dada. Mjamzito linamfaa, ila miezi ya mwisho aongezewe kwapani na mbele. Akija tutampimia." Akasoma mara mbili, akalituma.

Kisha akatandaza kitambaa mezani, kile kizuri cha rangi ya udongo alichokuwa amejiwekea mwenyewe kwa siku ambayo haikufika. Alishika chaki. Akajua hana cha kuchora. Vipimo vya Sindano alivijua kichwani kama njia ya kwenda kisimani, lakini vilikuwa vya Sindano wa zamani. Huyu wa sasa alimjua kwa picha tu, na picha haipimiki; futi juu ya skrini ilimwonyesha mshazari tu, haikumpa inchi. Kitu kimoja ndicho angeweza kukianza. Akakata vipande vidogo vya kitambaa laini, akavipanga tabaka juu ya tabaka, akavishona pembeni kwa mkono, kimto cha bega la kushoto. Kilitoka sawa. Vidole havikuwa vimesahau. Alikishika kiganjani, chepesi kama kifaranga.

Mwanga alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Namba yake ni ile ile?" Fundi akauliza.

"Ile ile."

Alipiga. Simu ikaita. Ikaita tena, hadi ikachoka, ikakatika. Akapiga mara nyingine, ikaita vile vile hadi mwisho. Labda yuko kazini. Labda ameliona jina, ameitazama simu ikiita mezani, amejiuliza mama kagundua nini na sasa anataka kusema nini. Fundi asingemlaumu. Jina hilo kwenye simu, kwa muda mrefu, halikuwa limeleta hata salamu.

"Mwachie sauti," Mwanga akasema.

Akabonyeza pale pa kurekodi, akaisogeza simu karibu na mdomo. Cherehani ilikuwa kimya. Ukuta wa Msusi ulikuwa kimya kuliko unavyopaswa kuwa mchana. Juu ya kamba, mlangoni, gauni la kijani lilining'inia kwenye henga lake, limelala bapa, mabega sawa.

"Sindano," akasema. "Mama hapa." Akasita. Maneno ya kuomba radhi aliyokuwa ameyapanga njiani kutoka chumba cha nyuma yalikuwa mengi, na yote yalikuwa makubwa kuliko mdomo wake. Akashika lile analolijua. "Lile la kijani linakubana kwapani, nimeliona. Usilivae tena. Nina kitambaa hapa, nimeshatengeneza bega, lakini mengine siwezi bila wewe. Siyo lazima iwe Jumatano. Na mwambie huyo wako asikae kwenye lori." Alitazama kimto kiganjani. "Nakuita, mama. Njoo nikupime."

Akaachia kidole. Sauti ikaondoka. Aliiweka simu juu ya kitambaa cha udongo, kioo juu, akaketi nayo, na mumewe akabaki mlangoni, wote wawili wanaitazama.